Timu Ikiwa Nyuma kwa Bao, Kocha Amwingize Nani na Lini?

Timu ikifungwa, jukwaa zima huwa na dawa moja: ongeza mshambuliaji. Kwenye benchi la ufundi hesabu huanzia mbali na lango la mpinzani. Kocha anayeijua kazi yake hutaka kwanza kufahamu mpira unafia wapi. Je, timu haiupati kabisa? Inaupata, lakini haivuki nao katikati ya uwanja? Au inafika mpaka pembeni mwa eneo la hatari, krosi zinapigwa, na hakuna wa kuzimalizia? Kila hali kati ya hizo ina tiba yake, na ni ya mwisho tu inayomhitaji mshambuliaji wa kati.

Timu isiyoupata mpira ikiongezewa mshambuliaji, inakuwa imeongeza mtazamaji mmoja mbele na kupunguza mkabaji mmoja nyuma yake. Inayohitaji ni mtu wa kuunyang'anya mpira, na mara nyingi huyo ni kiungo mkabaji au hata beki. Timu inayoupata lakini ikakwama katikati inahitaji mchezaji wa kukimbia na mpira au winga wa kuutanua uwanja, ili mabeki wa mpinzani wasibanane mahali pamoja. Ndiyo maana badiliko la kwanza la kocha aliye nyuma huweza kuonekana la woga kwa anayetazama, kumbe ndilo linalofungua njia ya mabao.

Kocha hufanya uamuzi huu akiwa na akiba ndogo ya kugawa. IFAB, bodi inayotunga sheria za soka duniani, iliruhusu mabadiliko matano kwa muda mwaka 2020 wakati wa janga la korona, na mwaka 2022 ikayafanya ya kudumu katika mashindano makubwa yanayotaka kuyatumia. Lakini hayo matano hayafanywi kila kocha anapojisikia. Mchezo ukiendelea, timu ina nafasi tatu tu za kuusimamisha ili ibadilishe wachezaji. Anayetaka kuwatumia wote watano lazima kuna mahali awaingize wawili au watatu kwa pamoja. Mchezaji akiumia dakika ya 20 na kutolewa, nafasi moja kati ya tatu imekwenda, na mpango wote unapangwa upya.

Muda wa mapumziko ndio rahisi kuliko wote, kwa sababu badiliko lililofanywa wakati huo halihesabiwi katika nafasi hizo tatu. Pia ndio wakati pekee ambao kocha anaweza kukaa na wachezaji wote, akachora ubaoni nani anahama kwenda wapi, na akasikiliza maswali. Badiliko la dakika ya 57 hupelekwa uwanjani na mchezaji anayeingia, naye huwapa wenzake maelekezo kwa vidole huku akikimbia. Kwa hiyo kazi inayobadilisha mfumo mzima wa timu inafaa kufanywa mapumziko, na zile za kubadilisha mtu kwa mtu zisubiri.

Mechi moja inaonyesha mambo haya yote kwa mpangilio: Japani dhidi ya Ujerumani katika Kombe la Dunia la Qatar, tarehe 23 Novemba 2022. Ujerumani iliutawala mpira kipindi cha kwanza. Beki wake wa kushoto, David Raum, alikuwa anapanda mbele kama mshambuliaji wa tano, huku Jamal Musiala na wenzake wakicheza katikati ya mistari. Mabeki wanne wa Japani hawakutosha kuufunika upana wote wa uwanja. Wakibana ndani, Raum anabaki peke yake pembeni. Wakitanuka, nafasi inafunguka katikati. Dakika ya 33 Raum alipokea mpira akiwa hana mtu, kipa Shuichi Gonda akamwangusha, na Ilkay Gundogan akafunga penalti. Bao jingine la Kai Havertz lilikataliwa kwa kuotea kabla ya mapumziko.

Kocha wa Japani, Hajime Moriyasu, alikuwa nyuma kwa bao moja dhidi ya timu iliyowahi kutwaa kombe hilo mara nne. Wakati wa mapumziko alimtoa Takefusa Kubo, kiungo mshambuliaji, akamwingiza Takehiro Tomiyasu, beki. Kwa shabiki aliyekuwa anasubiri bao, hilo lilikuwa kama kukata tamaa. Kilichotokea ni kwamba Japani ilihama kutoka mabeki wanne na kucheza na mabeki watatu wa kati, wenye wachezaji wawili wa pembeni wanaopanda na kushuka. Timu ilipokuwa inazuia, safu ya nyuma ilikuwa na watu watano, na Raum akawa na mtu wa kumkaba. Kwa kuwa nyuma kulikuwa na beki wa ziada, wachezaji wa mbele wa Japani waliweza kumsogelea kila Mjerumani mwenye mpira bila kuogopa kwamba pasi moja ndefu itawamaliza. Mpira ukaanza kupatikana, na ukapatikana juu zaidi uwanjani.

Badiliko hilo halikuleta bao papo hapo, wala halikukusudiwa kulileta. Liliandaa yaliyofuata. Dakika ya 57 Moriyasu alitumia nafasi ya kwanza kati ya zile tatu kwa kuwaingiza wawili. Daizen Maeda, mshambuliaji aliyekimbizana na mabeki wa Ujerumani tangu filimbi ya kwanza, alimpisha Takuma Asano, naye ana mbio kama yeye ila miguu yake ilikuwa mibichi. Beki wa kushoto Yuto Nagatomo, mwenye miaka 36, alimpisha Kaoru Mitoma, winga hodari wa kupiga chenga. Kumweka winga wa aina hiyo mahali pa beki katika safu ya watu wanne kungekuwa hatari. Mbele ya mabeki watatu wa kati, hatari hiyo ilipungua mno. Hapo ndipo Tomiyasu alipolipa, maana yeye ndiye aliyemruhusu Mitoma aingie.

Dakika ya 71 akatoka kiungo Ao Tanaka, akaingia Ritsu Doan, na Daichi Kamada akarudi nyuma kushika nafasi ya kiungo. Dakika chache baadaye beki wa kulia Hiroki Sakai alitoka, akaingia Takumi Minamino, na winga Junya Ito akahamia upande wa kulia alikokuwa Sakai. Nafasi tatu zikaisha, na wachezaji watano wakaisha. Tazama umbo lililobaki: pande zote mbili za uwanja, kulia na kushoto, kuna mawinga mahali ambapo mechi ilianza na mabeki. Japani ilikuwa imeongeza washambuliaji kama jukwaa lilivyotaka, ila ilianza na msingi.

Bao la kusawazisha lilikuja dakika ya 75. Mitoma aliingia ndani kutoka kushoto na kumpa Minamino, ambaye alikuwa hajakaa uwanjani hata dakika mbili. Minamino akaupiga mpira langoni kutoka pembeni, kipa Manuel Neuer akautema, na Doan akaumalizia. Wote watatu walikuwa wametoka benchi. Dakika ya 83 Ko Itakura alipiga mpira mrefu wa adhabu kutoka nusu yake ya uwanja. Asano akautuliza, akamkimbia Nico Schlotterbeck, na akaupachika juu ya Neuer karibu na mwamba wa pembeni. Mabao 2-1, yote yamefungwa na wachezaji wa akiba, na wote wawili, Doan wa Freiburg na Asano wa Bochum, walikuwa wakichezea klabu za Ujerumani.

Haifai kuisimulia mechi hii kana kwamba kila kitu kilikwenda kwa rula. Kati ya mapumziko na dakika ya 75 Ujerumani ilipata nafasi za kutosha kuimaliza. Gundogan aligonga mwamba, na Gonda akaokoa mipira kadhaa mfululizo. Moja ingeingia, badiliko la Tomiyasu lingeitwa upuuzi. Mabadiliko mazuri huongeza uwezekano tu, na kocha huyapima kwa kuangalia kama timu imeanza kuupata mpira na kufika inapotaka, hata kabla bao halijaingia.

Siku nane baadaye, dhidi ya Hispania, Japani ilikuwa nyuma tena kwa bao moja ilipofika mapumziko. Safari hii tayari ilikuwa imeanza na mabeki watatu wa kati, kwa hiyo msingi ulikuwepo na hakukuwa na haja ya kuuongeza. Moriyasu aliwaingiza Mitoma na Doan mara moja, wakiwachukua nafasi Nagatomo na Kubo. Doan akafunga dakika ya 48, na dakika ya 51 Mitoma akauwahi mpira uliokaribia kutoka nje kabisa, akamrudishia Tanaka aliyefunga la pili. Kocha ni yule yule, na wachezaji ni wale wale wa benchi, lakini Mitoma, aliyesubiri hadi dakika ya 57 mbele ya Ujerumani, hapa aliingia mapumziko. Kilichoamua saa yake ya kuingia ni kile ambacho timu ilikuwa nacho tayari uwanjani.

Kuhusu saa yenyewe kuna ubishi wa kitaaluma. Mwaka 2012 mtafiti wa Marekani, Bret Myers, alichapisha kanuni iliyotokana na uchambuzi wa mechi nyingi za wakati wa mabadiliko matatu. Timu iliyo nyuma, alisema, ifanye badiliko la kwanza kabla ya dakika ya 58, la pili kabla ya dakika ya 73, na la tatu kabla ya dakika ya 79. Kwa hesabu zake, timu zilizofuata utaratibu huo zilipunguza pengo la mabao mara nyingi zaidi kuliko zisizoufuata. Kanuni ikasambaa haraka, kwa kuwa inashikika kichwani na inawapa mashabiki kipimo cha kumlaumia kocha.

Mwaka 2016 Rajitha Silva na Tim Swartz waliipitia upya. Walipouzingatia ubora wa timu zenyewe, hawakuona dakika yoyote ya kipindi cha pili ambayo badiliko linaanza kuleta faida ya wazi. Hoja yao ni nzito. Timu yenye nguvu iliyo nyuma hurudi mchezoni mara nyingi hata bila kubadilisha mtu, na ndiyo pia yenye benchi zuri la kumshawishi kocha abadilishe mapema. Ukiziangalia takwimu bila kulitenganisha hilo, utaipa saa sifa ya kazi iliyofanywa na ubora wa wachezaji.

Kinachobaki baada ya ubishi huo ni jambo dogo lakini thabiti: mchezaji anayeingia dakika ya 88 ana dakika chache za kugusa mpira, na hata mwenye kipaji huhitaji muda wa kuzoea mwendo wa mechi. Makocha wengi huchelewa kwa sababu za kibinadamu. Badiliko la mapema ni kukiri kwamba kikosi kilichochaguliwa hakikufaa, na mchezaji mwenye jina akitolewa mapema hununa mbele ya kamera. Dakika za 70 na 80 zina usalama wake: hakuna atakayemlaumu kocha kwa kufanya kama kawaida.

Badala ya kuangalia saa peke yake, benchi huangalia dalili. Mchezaji aliyechoka huonekana kwanza katika mambo asiyotakiwa kuyafikiria. Anapoteza mpira na harudi kukaba. Anatoa pasi kisha anasimama, badala ya kukimbilia nafasi ya pili. Mpira unapodunda katikati, anaufikia hatua moja nyuma ya mpinzani. Beki wa pembeni aliyekuwa anapanda hadi kona sasa anaishia mstari wa katikati. Vilevile hutazamwa uchovu wa upande wa pili, na pengine hilo lina uzito zaidi. Beki wa mpinzani aliyeanza kushika magoti baada ya kila mbio, au mwenye kadi ya njano anayeogopa kuingia kwa nguvu, ndiye anayeitwa na winga mpya. Mtu wa mbio akiingia dhidi ya beki mbichi asiye na kadi, nusu ya thamani yake inapotea.

Kuna pia dakika ambazo badiliko halifanywi hata kama limeshaamuliwa. Timu inapojiandaa kuzuia kona, kila mchezaji ana mtu wake wa kumkaba. Mgeni akiingia wakati huo, mpangilio huvurugika kwa sekunde kadhaa, na sekunde hizo zinatosha kwa mpira kuwa wavuni. Kocha mwangalifu humwacha mchezaji wake asubiri kando ya mwamuzi wa akiba mpaka hatari ipite. Kinyume chake, kona au mpira wa adhabu wa timu yake mwenyewe ni wakati mzuri wa kumwingiza mtu mrefu wa vichwa.

Hofu ya kutumia akiba mapema ina msingi wake. Tarehe 20 Februari 2005 Chelsea ilikwenda Newcastle kwa mechi ya Kombe la FA. Patrick Kluivert aliifungia Newcastle dakika za mwanzo kabisa. Mapumziko José Mourinho aliwaingiza watatu kwa mpigo, Frank Lampard, Eidur Gudjohnsen na Damien Duff, akiwa amemaliza mabadiliko yote matatu yaliyoruhusiwa enzi hizo. Muda mfupi baada ya kipindi cha pili kuanza, Wayne Bridge alivunjika mguu na kutolewa kwa machela. Chelsea ikabaki na watu kumi karibu kipindi kizima, na kabla ya mwisho kipa wake Carlo Cudicini akaonyeshwa kadi nyekundu. Matokeo hayakubadilika: 1-0.

Mourinho hakukosea katika kuusoma mchezo; aliowaingiza ndio waliohitajika. Kosa lilikuwa kutobakiza hata mmoja huku zimesalia dakika 45. Sheria ya sasa imeipunguza adhabu hiyo, kwa kuwa aliyeingiza watatu mapumziko bado ana wawili na nafasi zote tatu. Hata hivyo mtego haujaondoka. Japani yenyewe, katika mechi iliyofuata ile ya Ujerumani, ilibadilisha wanne dhidi ya Costa Rica kwa nia ya kutafuta ushindi mechi ikiwa 0-0. Bao la Costa Rica lilipoingia dakika ya 81, benchini kulikuwa kumebaki badiliko moja tu. Ilifungwa 1-0.

Dakika kumi za mwisho zina hesabu yake. Hapo swali la mpira unafia wapi linapungua uzito, kwa sababu mpinzani anayeongoza mara nyingi amerudi nyuma mwenyewe na kuuacha mpira. Krosi na kona zinaongezeka, na mshambuliaji wa kati sasa ana kazi. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka 1999 mjini Barcelona, Manchester United ilifungwa na Mario Basler wa Bayern Munich dakika ya 6. Alex Ferguson alimwingiza Teddy Sheringham dakika ya 67 badala ya winga Jesper Blomqvist, kisha Ole Gunnar Solskjaer dakika ya 81 badala ya mshambuliaji Andy Cole. Hawakuwa watu wa aina moja. Sheringham ni mzuri wa vichwa na wa kuutuliza mpira katikati ya msongamano, na Solskjaer ana wepesi wa kumalizia mbele ya lango. Upande wa pili Bayern ilikuwa imemtoa Lothar Matthäus dakika ya 80, akiwa na miaka 38, na kwa hiyo imempoteza kiongozi wa safu yake ya ulinzi.

Katika dakika za majeruhi David Beckham alipiga kona mbili. Ya kwanza haikuondolewa vizuri, na Ryan Giggs akaupiga mpira hafifu ambao Sheringham aliugeuza wavuni. Ya pili Sheringham aliipiga kichwa, na Solskjaer akanyoosha mguu na kuuinua mpira juu ya goli. Aliyechukua nafasi ya winga ndiye aliyegusa mpira wa mwisho kabla ya bao la ushindi, jambo lisilowezekana kama Solskjaer angeingia peke yake. Kocha anayetaka mtu wa kumalizia dakika za mwisho hana budi kuwa na mwingine wa kumwangushia mpira.

Bao la kusawazisha nalo linaleta uamuzi mpya ambao wengi huusahau kwa furaha. Timu iliyojaza washambuliaji iko wazi nyuma, na mpinzani aliyeshtuka atakuja kwa nguvu. Katika ligi, ambako sare ina pointi, kocha huweza kumwingiza kiungo mkabaji mara moja na kuilinda. Katika mtoano huenda zikaja dakika 30 za ziada. Mashindano mengi sasa huruhusu badiliko moja zaidi katika muda huo, lakini watu waliokimbia kwa kasi ya kutafuta bao wanaufikia wakiwa hoi, na mmoja hatoshi. Kwa sababu hiyo, kwenye mechi ya mtoano, badiliko la mwisho linafaa kushikwa mpaka ionekane kama bao la kwanza limepatikana, ilimradi timu haijaanza kufa kwa uchovu. Ferguson aliimaliza fainali ile ya 1999 akiwa ametumia wawili kati ya watatu wake.